Akitaka namba, nakata: mwongozo kamili wa kuwaonya wazee kuhusu matapeli wa simu

Semina nyingi za kuwaonya wazee kuhusu utapeli wa simu huwaambia hivi: "Ukiona dalili za utapeli, kuwa makini." Ushauri huo haumsaidii mtu, kwa sababu anayetapeliwa haoni dalili yoyote wakati anatapeliwa. Aliyempigia amemwita kwa jina, anaongea kwa adabu, na amemletea tatizo linalotakiwa kutatuliwa sasa hivi. Mashaka huja baadaye, pesa zikiwa zimeshaondoka.

Kwa hiyo ukialikwa kuzungumza na kikundi cha wazee, usiwape kanuni inayosubiri mashaka. Wape kanuni inayoamshwa na kitu watakachokisikia kwa masikio yao, yaani ombi. Tapeli anaweza kubadilisha jina, cheo na hadithi kila siku, lakini mwisho wa mazungumzo yake atataka kimojawapo kati ya vitu vitatu: namba, pesa au siri. Hapo ndipo pa kumkamata. Mazungumzo yote ninayoyaeleza hapa yamejengwa juu ya mistari mitatu:

Akitaka namba, nakata.
Akitaka pesa, napiga.
Akitaka siri, nasema.

Usiongeze mstari wa nne. Utatamani kuongeza, hasa mtu akiuliza kuhusu bahati nasibu, kazi za uongo au viungo vya kubofya. Jibu swali lake, kisha mrudishe kwenye mistari hii, kwa kuwa karibu kila utapeli wa simu unaishia kwenye mmoja wao. Mtu aliyehofishwa hakumbuki orodha ya mambo kumi na mawili, ila anaweza kukumbuka sentensi fupi aliyoitamka kwa mdomo wake mara nyingi.

## Hatua ya kwanza: andaa mahali na sauti yako

Panga mazungumzo asubuhi, wazee wakiwa hawajachoka, na yasizidi dakika 45. Viti vikae nusu duara ili kila mtu auone uso wako. Uwezo wa kusikia unapopungua kwa umri, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na herufi kama s, f na t huanza kuchanganyana masikioni. Ndiyo maana kupaza sauti hakusaidii sana. Ongea taratibu, kwa sauti nzito kidogo, ukiwaangalia, na usiongee ukiwa umewageuzia mgongo kuandika ubaoni. Zima feni au redio iliyo karibu.

Njoo na simu mbili, moja ya vitufe na moja ya kioo. Utazihitaji kwenye zoezi. Njoo pia na kadi yenye ile mistari mitatu kwa kila mtu, herufi ziwe kubwa na nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Upande wa nyuma acha nafasi tatu za kujaza namba za simu. Nitaeleza kazi yake baadaye.

## Hatua ya pili: fundisha mstari wa kwanza kwa kuonyesha namba inavyoiba

Wazee wengi wanajua kwamba pini haitajwi. Wasichokijua ni kwamba zipo namba nyingine zenye nguvu ileile, ila hazifanani na siri. Iliyo hatari zaidi ni ile ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe mfupi, mara nyingi ikiwa na tarakimu 6.

Waeleze hivi. Tapeli ameketi na simu yake. Anafungua WhatsApp na kuandika namba ya simu ya bibi kana kwamba ni yake. WhatsApp inatuma tarakimu 6 kwenye simu ya bibi ili kuhakikisha kwamba mwenye laini ndiye anayejiandikisha. Sasa tapeli anampigia: "Bibi, kuna namba imeingia kwako kimakosa, ilikuwa yangu. Nisomee tafadhali." Bibi anasoma, na papo hapo akaunti yake inahamia kwenye simu ya tapeli. Kuanzia hapo ndugu zake wote wataanza kupokea ujumbe wa kuomba pesa, ukitoka kwa "bibi" mwenyewe. Njia hiyohiyo hutumika kuingia kwenye akaunti za benki na za pesa za simu.

Watamkishe wote pamoja: namba iliyoingia kwenye simu yangu ni yangu. Hakuna namba inayoingia kwangu kwa bahati mbaya halafu ikawa mali ya mtu mwingine.

Kisha waonye kwamba neno "namba" kwenye kanuni lina upande wa pili. Wakati mwingine tapeli hataki umpe namba, bali anakutajia namba za kubonyeza. Anasema, "Mzee, laini yako ina hitilafu, bonyeza nyota, mbili, moja, nyota, halafu namba hii, kisha reli." Kwenye mitandao mingi ya simu, hiyo ni amri ya kuelekeza simu zako zote ziende kwa mtu mwingine. Benki ikipiga kukuuliza kama kweli ni wewe unayehamisha pesa, anapokea yeye.

Kama kuna mzee anayehisi amewahi kubonyezeshwa hivyo, kaa naye pembeni baada ya mazungumzo, angalia hali ya simu yake kwa amri ya kwanza hapa chini, na uifute kwa amri ya pili:

```
*#21#
##21#
```

Ipo pia `##002#`, ambayo hufuta maelekezo ya aina zote kwa mpigo. Ila inaweza kuzima na huduma ya kuachiwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo mwulize kwanza kama anaitumia. Usiwafundishe kikundi kizima amri hizi. Kanuni yao ni kwamba mtu akitaja namba za kubonyeza, wanakata simu, na haifai mtu yuleyule anayewafundisha hivyo aanze kuwatajia za kubonyeza.

Matapeli wa kwenye simu za kioo wana mlango mwingine. Humwomba mzee apakue programu ya "kumsaidia", mara nyingi AnyDesk au TeamViewer. Programu hizo ni halali na mafundi huzitumia, lakini kazi yake ni kumwezesha mtu aliye mbali kuona kioo chako, na mara nyingine kukiendesha. Ili kuunganisha, tapeli atakuomba umsomee namba inayojitokeza kwenye kioo. Umeona? Ni namba tena. Mstari uleule unatosha.

## Hatua ya tatu: mstari wa pili, na maana kamili ya "napiga"

Hapa ndipo watu wengi huteleza, na ningependa utumie muda mrefu zaidi hapa kuliko sehemu nyingine yoyote. "Napiga" ina masharti mawili. Kwanza nakata simu iliyopo. Pili napiga mimi mwenyewe, kwa namba niliyokuwa nayo kabla ya simu hii.

Kupiga namba uliyotajiwa na tapeli ni kumpigia tapeli. Kubonyeza palepale simu ilipoingia ni vilevile. Na jina linalotokea kwenye kioo si ushahidi, kwa kuwa namba na jina la anayepiga vinaweza kughushiwa. Hata ujumbe mfupi unaweza kutumwa kwa jina la benki, ukaingia kwenye mfululizo uleule wenye ujumbe halisi wa benki. Mzee akiuona pale, atauamini kabisa. Ndiyo maana hatumfundishi kuchunguza ujumbe. Tunamfundisha kuuacha na kupiga kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake ya benki, au iliyoandikwa kwenye kadi uliyompa.

Jaza kadi hizo palepale ukumbini. Nafasi ya kwanza ni ya mwana au ndugu mmoja anayemwamini. Ya pili ni ya benki au mtandao wake wa pesa. Ya tatu ni ya mtu wa pili wa familia, ikitokea wa kwanza hapatikani. Kila namba ikishaandikwa, ipigwe hapohapo kuhakikisha inaita. Namba moja iliyokosewa tarakimu itamwacha mzee peke yake siku anayoihitaji.

Baada ya hapo wape mifano miwili wanayokutana nayo zaidi.

Wa kwanza ni pesa za "kimakosa". Ujumbe unaingia kwamba umepokea kiasi fulani, na dakika moja baadaye mtu anapiga akilia kwamba ametuma kimakosa pesa za matibabu. Mara nyingi ujumbe ni wa uongo na salio halijabadilika. Lakini wapo matapeli wanaotuma pesa za kweli, kisha wanadai kwako na kwa mtandao kwa wakati mmoja, ili wewe urudishe na mtandao nao urudishe. Nyingine zinakuwa za wizi, na kwa kuzirudisha kwa namba nyingine unakuwa umewasaidia kuzipitisha. Hivyo jibu halibadiliki, salio liwe limeongezeka au halijaongezeka: "Wapigie mtandao wako, wao watazirudisha." Mzee hatumi kitu. Kama salio limeongezeka kweli, anaupigia mtandao wake mwenyewe kutoa taarifa na hazigusi pesa hizo.

Wa pili ni wa ndugu aliye matatani. "Babu, ni mimi, nimepata ajali, simu imeharibika, natumia ya mtu." Siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa kompyuta kutoka kwenye kipande kifupi cha sauti yake, kwa hiyo usimwambie mzee "utamjua kwa sauti". Mwambie akate na ampigie mjukuu kwa namba yake ya siku zote. Isipopokelewa, apige ile nafasi ya tatu, ya mtu wa pili wa familia: mama yake mjukuu, mkewe, mtu anayeishi naye. Ombi likija kwa WhatsApp kutoka kwenye namba halisi ya ndugu, bado anapiga na kusikia sauti, maana tumeshaona jinsi akaunti inavyoibiwa. Na akiwa bado hana uhakika, aulize jambo ambalo halijawahi kuandikwa mtandaoni. Familia zinaweza kukubaliana neno moja la kutambulishana. Ni wazo zuri, mradi lisiwe jina la mtoto au la kijiji, ambalo mtu yeyote anaweza kulijua.

Mtu atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza: "Na kama kweli amepata ajali?" Jibu ni kwamba ajali ya kweli inavumilia dakika 10 za kupiga simu. Hospitali haitamkataa mgonjwa kwa sababu babu alimpigia mama yake kwanza. Utapeli ndio usioweza kuvumilia dakika hizo.

## Hatua ya nne: mstari wa tatu

Huu hauhitaji maelezo marefu. Tapeli akisema "usikate simu", "usimwambie mtu", "wanao watakukasirikia" au "wafanyakazi wa benki ndio wezi, usiwaambie kitu", ameomba siri. Siri ndiyo inayomtenga mzee na watu wanaoweza kumwokoa kwa sentensi moja. Kwa hiyo kuombwa siri kwenyewe ndiyo amri ya kusema. Asubiri kuwa na uhakika? Hapana. Amwambie aliye karibu, hata kama ni jirani: "Kuna mtu amenipigia, amenikataza nisikuambie."

Hapa useme jambo moja na vijana wa familia pia, kama wapo ukumbini. Mzee atasema tu kama anajua hatachekwa wala kunyang'anywa simu. Ukimgombeza mara moja, mara ya pili atakuficha, na hapo tapeli atakuwa amepata siri aliyoiomba bila hata kuiomba.

## Hatua ya tano: zoezi la kukata simu

Wazee wengi hawashindwi kutambua utapeli, wanashindwa kukata. Wamelelewa kwamba kumkatia mtu simu katikati ya maneno yake ni utovu wa adabu, na tapeli anaijua heshima hiyo kuliko wewe. Ukiwaambia tu "kateni", watakubali kwa kichwa, kisha nyumbani watasikiliza mpaka mwisho. Inabidi wakate mbele yako, kwa kidole chao.

Mpe mzee mmoja simu ya vitufe. Kaa upande wa pili wa chumba na ile ya kioo, umpigie kweli. Cheza tapeli, na ucheze vizuri. Mazungumzo yaende hivi:

— Shikamoo mama. Napiga kutoka huduma kwa wateja wa mtandao wako. Naongea na mama mwenyewe?

— Marahaba. Ndiye.

— Mama, pole kwa usumbufu. Mfumo wetu unaonyesha kuna mtu anajaribu kutoa pesa kwenye akaunti yako sasa hivi. Sisi tunamzuia, usiwe na wasiwasi.

Simama kidogo, uwaulize wengine: ameomba nini? Hajaomba kitu bado. Ametia hofu, kisha akajitia kuwa mwokozi. Waache wakae na hali hiyo, kwa sababu hapa ndipo moyo unapoanza kwenda mbio. Endelea.

— Ili tumzuie, nimekutumia namba sita kwenye ujumbe. Zimefika?

— Zimefika.

— Nisomee, mama, haraka kabla hajamaliza kutoa.

Ameomba namba. Kikundi kizima kiseme kwa sauti: "Akitaka namba, nakata!" Na mwenye simu abonyeze kitufe chekundu. Asiage wala asieleze, na asingoje wewe umalize sentensi.

Usiishie hapo, piga tena. Matapeli hupiga tena, na safari hii wanakuja na hasira au majonzi: "Mama, kwa nini umenikatia? Nikikuacha pesa zako zinaisha." Mara ya pili ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa sasa wanaona wana deni la kuomba radhi. Mfundishe sentensi moja ya kutokea kwa mtu asiyeweza kukata kimya: "Nitapiga mwenyewe. Kwaheri." Aitamke na kukata kwa pumzi moja. Sentensi hiyo haina nafasi ya kujibiwa, wakati "sina muda sasa" inakaribisha "nikupigie saa ngapi?"

Mpokezane simu mpaka kila mmoja akate angalau mara moja. Kwa wenye simu ya kioo, hakikisha wanajua kitufe cha kukata kiko wapi, maana kioo hujizima simu ikiwa sikioni na wengi hubaki wakihangaika huku tapeli akiendelea kusema. Kuisogeza mbali na sikio huiwasha tena. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wanaojua kila kanuni wakikwama hapo.

## Hatua ya sita: pima kama wameelewa

Usiulize "mmeelewa?", kwa sababu wote watasema ndiyo. Wape hali mpya ambayo hukuizungumzia, umwulize mmoja mmoja angefanya nini. Mfano: "Mtu wa kodi amepiga, anasema unadaiwa, ulipe leo au ukamatwe. Anasema usizungumze na mtu." Mzee akijibu kwa kutaja mstari wa pili na wa tatu, ameelewa. Akianza kukueleza kama watu wa kodi hupiga au hawapigi, bado anachunguza hadithi, na kwenye hadithi tapeli ni hodari kuliko yeye. Mrudishe kwenye ombi: ametaka nini?

Atatokea mtu atakayesema kwamba benki yake humuuliza maswali akipiga. Ni kweli, na mweleze tofauti. Anapopiga yeye kwa namba anayoijua, mhudumu anaweza kuhakikisha utambulisho wake kwa kuuliza mambo kama tarehe ya kuzaliwa. Pini haiulizwi hata hapo.

Na kuna hali moja ambayo kanuni hizi haziiwezi. Baadhi ya wazee pini yao inajulikana na kijana wa nyumbani anayewasaidia kutuma pesa, na wizi mwingine hutokea hapo, bila tapeli wa mbali. Usimtuhumu mtu mbele ya kikundi. Jitolee kumfundisha mzee kuingiza pini yake mwenyewe, hata kama sehemu nyingine za muamala atasaidiwa.

## Hatua ya saba: kaa na aliyekwisha kuibiwa

Karibu kila mara atakuwepo mmoja, na hatasema mbele za watu. Atakufuata wengine wakitoka. Mwache amalize, halafu mfanye mambo haya kwa mpangilio huu. Kwanza mpige pamoja benki au mtandao wake wa pesa, muombe muamala uzuiwe na akaunti ifungwe kwa muda. Kadiri mnavyowahi ndivyo uwezekano wa kuikuta pesa unavyokuwa mkubwa, kwa kuwa kazi ya kwanza ya tapeli ni kuitoa au kuigawa kwenye akaunti nyingine. Pili abadilishe pini. Kama laini yake imepoteza mtandao ghafla wakati za wengine zinafanya kazi, mwambieni mhudumu hilo waziwazi, kwa kuwa huenda laini imehamishiwa kwa mtu mwingine. Tatu msifute ujumbe wowote. Andikeni namba iliyopiga, saa, kiasi na mahali pesa zilipokwenda, mkatoe taarifa polisi.

Kisha mwonye kuhusu simu itakayofuata. Namba za watu walioibiwa huuzwa kati ya matapeli, na baada ya siku chache anaweza kupigiwa na "wakili" au "mpelelezi" anayejua kiasi chote kilichopotea na kuahidi kukirudisha kwa ada ndogo ya kufungulia faili. Kwa kuwa anajua habari zote, ataonekana mkweli. Mwulize mzee pale pale: huyo atataka nini? Ada ni pesa. Akijibu "napiga", mpe kadi yake, na umpigie wewe wiki inayofuata kumwuliza kama simu hiyo imeingia.